Mtoto Anacheza Kama Alivyozoea?

Mjamzito anapoketi mbele ya mkunga kliniki huulizwa swali moja kila safari: "Mtoto anacheza?" Hujibu kwamba anacheza, alama inatiwa kwenye kadi, na mwenzake anaitwa. Sina ugomvi na swali hilo, kwa sababu jibu la "hachezi" huokoa maisha. Ugomvi wangu ni kwamba linakuja limefungwa: ndiyo au hapana. Mtoto anayeishiwa hewa tumboni haachi kucheza ghafla kila mara. Wengi wao hupunguza kwanza, kwa saa kadhaa, kwa siku, wakati mwingine kwa wiki. Katika kipindi hicho chote mama akiulizwa kama mtoto anacheza atajibu kweli tupu: anacheza. Swali ambalo lingemfanya asite kidogo na kufikiri ni lile linalomlinganisha mtoto na nafsi yake: anacheza kama alivyozoea?

Ili kulijibu, mama anahitaji kujua mazoea hayo yanaanza lini na yanakuwaje. Kwa hiyo tuanze mwanzo.

Mtoto huanza kujongea mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kwa ultrasaundi, miondoko ya kwanza huonekana katika wiki ya 7 au ya 8, wakati kiumbe mwenyewe hajafikia hata urefu wa kidole gumba. Kufikia wiki ya 12 ananyoosha mikono, anapindisha mgongo, anashtuka na kutulia. Mama hana habari na lolote kati ya hayo. Mtoto ni mdogo, maji ya chupa yanayomzunguka ni mengi kwa kimo chake, na zaidi ya hapo mfuko wa uzazi bado umejificha ndani ya nyonga. Mama huja kumhisi pale mfuko unapopanda na kugusa ukuta wa tumbo, na mtoto akawa na uzito wa kutosha kuusukuma ukuta huo. Ndiyo maana siku mama anapomsikia kwa mara ya kwanza, mtoto tayari ana wiki nyingi za kucheza nyuma yake.

Kwa mwenye mimba ya kwanza, siku hiyo kwa kawaida huangukia kati ya wiki ya 18 na ya 20. Aliyewahi kuzaa huhisi mapema zaidi, mara nyingi kati ya wiki ya 16 na ya 18. Tofauti hiyo inatokana zaidi na kufahamu kuliko na maumbile. Miondoko ya kwanza ni laini mno, kama samaki mdogo anayejigeuza chini ya maji, na mwenye mimba ya kwanza humdhania mtoto kuwa ni gesi au tumbo linalonguruma. Mzazi wa mtoto wa pili anaijua hali hiyo na huitambua mara tu inapotokea.

Kondo la nyuma nalo lina sehemu yake. Likiwa limejishikiza mbele, upande wa kitovu cha mama, hukaa kati ya mtoto na ukuta wa tumbo, na mateke yanafika yamefifia. Mama wa namna hiyo anaweza kukawia kwa wiki mbili au zaidi akabaki anajilinganisha na shoga yake mwenye mimba ya umri uleule, anayesema wake anarukaruka. Kukawia huko peke yake si ugonjwa. Mpaka upo, hata hivyo: ikifika wiki ya 24 na mama hajawahi kumhisi mtoto hata mara moja, aende akapimwe bila kungoja tarehe yake ya kliniki. Kwa kawaida mapigo ya moyo husikika na sababu huwa ni kondo la mbele au hesabu ya wiki iliyokosewa. Mara chache hugundulika kwamba mtoto ana tatizo la misuli au mishipa ya fahamu, na hilo ni afadhali lijulikane wakati huo.

Kwa Waislamu wa Pwani, na kwingineko pia, siku hii ina uzito mwingine. Wanaijua hadithi inayofundisha kwamba roho hupuliziwa siku 120 zinapotimia. Wahudumu wa afya huhesabu umri wa mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani wiki 2 hivi kabla ya mimba kutungwa. Ukizijumlisha siku 120 na wiki hizo 2 unapata wiki ya 19 na siku moja, kipindi kilekile ambacho wenye mimba za kwanza wengi huanza kumsikia mtoto. Naitaja hesabu hii kwa sababu ya faida yake chumbani kwa mkunga: mwanamke asiyekumbuka hedhi yake ya mwisho anaweza kukumbuka vizuri sana mtoto "aliamka" wakati gani, kama ilikuwa wiki ya kwanza ya Ramadhani au siku ya harusi ya mdogo wake.

Kumbukumbu hiyo ina kazi. Mahali ambapo ultrasaundi ya mapema haikufanyika na hedhi haikumbukwi, wakunga wamezoea kuitumia kukadiria siku ya kujifungua. Kwa mimba ya kwanza huichukulia siku ya mchezo wa kwanza kuwa wiki ya 20, wakaongeza wiki 20. Kwa mimba ya pili na kuendelea huichukulia kuwa wiki ya 18, wakaongeza wiki 22. Mama aliyemsikia mtoto wake wa kwanza tarehe 10 Machi atakadiriwa kujifungua tarehe 28 Julai. Mama mwenye mimba ya pili aliyehisi siku hiyohiyo atakadiriwa tarehe 11 Agosti. Kadirio hili linaweza kukosea kwa wiki mbili au zaidi kila upande, hivyo halishindani na ultrasaundi ya miezi ya mwanzo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kila mjamzito apate ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, na mojawapo ya sababu ni hii ya kujua umri wa mimba. Hata hivyo, kwa aliyekuja kliniki akiwa na miezi saba bila kipimo chochote, tarehe ya mchezo wa kwanza ni bora kuliko kubahatisha kwa macho, na inafaa iandikwe kwenye kadi siku ileile mama anapoisema.

Wiki zinazofuata, mchezo huja na kutoweka. Kati ya wiki ya 18 na ya 24 mama anaweza kumhisi leo, kesho asimhisi kabisa, na kusiwe na tatizo lolote. Mtoto bado ana nafasi kubwa ya kugeukia upande ambao teke lake halifiki kwenye ukuta. Kuhesabu kipindi hiki ni kujitafutia wasiwasi wa bure. Kuanzia wiki ya 28 hivi hali inabadilika. Mtoto amepata utaratibu: analala kwa dakika 20 hadi 40, mara chache sana kupita 90, kisha anaamka. Huchangamka zaidi jioni na usiku. Idadi ya miondoko huongezeka hadi karibu wiki ya 32, kisha inabaki palepale mpaka uchungu unapoanza.

Sentensi hiyo ya mwisho naomba isomwe tena, kwa sababu inapingana na jambo linalosemwa katika nyumba nyingi kwa nia njema kabisa: kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia, anajiandaa. Kinachobadilika ni aina ya mchezo. Nafasi inapopungua, mtoto hawezi tena kupiga teke la kurusha mguu; badala yake anajisukuma, anajinyoosha, anabingirika, na mama anaona tumbo likipanda upande mmoja. Idadi haipungui. Mtoto wa wiki ya 39 aliyetulia kuliko alivyokuwa wiki ya 36 hajajiandaa kwa lolote. Ana jambo linalotaka kuangaliwa.

Jambo lenyewe, mara nyingi, liko kwenye kondo. Mtoto hupata hewa ya oksijeni na chakula kupitia hapo, na kondo linaposhindwa kazi, iwe kwa presha ya mimba, kwa mishipa ya damu iliyoziba au kwa kuzaliwa dogo tangu mwanzo, mtoto hulazimika kuishi kwa kidogo anachopata. Huanza kubana matumizi. Damu yake inaelekezwa kwenye ubongo, moyo na tezi zilizo juu ya figo, na viungo vingine vinapunjwa. Figo zikipunjwa hutoa mkojo kidogo, na kwa kuwa maji ya chupa katika nusu ya pili ya mimba ni mkojo wa mtoto kwa sehemu kubwa, maji yanapungua. Misuli ikifanya kazi inakula oksijeni nyingi, kwa hiyo mtoto anapunguza kucheza. Ukuaji unasimama. Haya yote yanatokea kimyakimya, mama hana maumivu, hatoki damu, presha yake inaweza kuwa nzuri kabisa. Dalili pekee inayomfikia mwenyewe, bila kifaa na bila mtu wa kumwambia, ni ile ya mchezo kupungua.

Miongoni mwa wa kwanza kulifanya jambo hili kuwa kipimo walikuwa daktari Sadovsky na mwenzake Yaffe, mjini Yerusalemu, mwaka 1973. Walieleza wajawazito wa mimba za hatari ambao watoto wao walipunguza kucheza kisha wakaacha kabisa, mapigo ya moyo yakiwa bado yanasikika, na kifo kikafuata baadaye. Ule muda kati ya kuacha kucheza na moyo kusimama ndio mlango wote wa kuokolea. Kwa wengine ni saa 12, kwa wengine ni siku moja au mbili, na hakuna awezaye kumwambia mama kabla kwamba wake utakuwa mrefu.

Sasa tuuchukue mfano mmoja tuufuate hatua kwa hatua. Ni mfano nilioutunga, lakini kila kipande chake hutokea wodini.

Ni mama wa mimba ya pili. Hakumbuki hedhi yake ya mwisho kwa sababu alikuwa bado ananyonyesha. Alimsikia mtoto kwa mara ya kwanza tarehe 10 Machi, na mkunga akaandika kwenye kadi makadirio ya 11 Agosti. Tarehe 24 Juni alipimwa kimo cha mimba kwa futi ya utepe, kutoka kwenye mfupa wa kinena hadi kilele cha mfuko wa uzazi, kikawa sentimita 32. Kwa makadirio yale alikuwa na wiki 33, na kwa kuwa kimo kwa sentimita hukaribiana na umri wa mimba kwa wiki, kupishana kwa mbili juu au chini hakusumbui. Aliambiwa mambo ni mazuri, na yalikuwa mazuri.

Mtoto wake ana saa yake: akishakula cha usiku na kujilaza, kuanzia saa 2 anacheza bila kupumzika. Mama amezoea hivyo mpaka mume naye anajua. Tarehe 24 Julai anaona mchezo umekuja umechelewa na ni hafifu. Asubuhi anamwambia mkwewe: "Mama, mtoto jana hakucheza kama siku zote." Mkwe anamjibu kwa upole: "Mwanangu, siku zako zimekaribia. Hutulia hao." Jirani anashauri anywe soda baridi, mtoto ashtuke. Anakunywa, anasikia msukumo mmoja, anatulia moyo. Siku inapita kwa kufua na kupika.

Hapa kuna makosa mawili ya kweli. La kwanza, lile la kutulia, nimeshalieleza. La pili ni soda. Hakuna ushahidi kwamba kinywaji cha baridi au cha sukari kinamwamsha mtoto kwa namna ya kutegemewa, na hata kama angeamka, msukumo mmoja haujibu swali. Mama hakuuliza kama mtoto yu hai. Aliuliza kwa nini amebadilika.

Usiku wa tarehe 25, saa 2 na dakika 10, anafanya hesabu. Namna yenyewe haina ugumu. Unakojoa kwanza, unalala ubavu, kushoto ukipenda, simu na televisheni mbali, na unaweka akili yote tumboni. Kulala kunafaa kwa sababu mama anayesimama au kufanya kazi huhisi machache kuliko yanayotokea. Akiketi huhisi zaidi, akilala huhisi zaidi ya hapo. Unahesabu kila msogeo ulio wazi: teke, msukumo, kubingirika. Miondoko iliyoungana kwa mfululizo mmoja unaihesabu kuwa mmoja. Kwikwi, ule mdundo mdogo wa kulingana unaojirudia, usiihesabu. Wala usihesabu kukaza kwa tumbo zima, hilo ni la mfuko wa uzazi. Ikifika kumi unaacha na kuangalia saa.

Mtoto aliye macho humaliza kumi upesi. Katika kazi iliyofanyika San Diego na kutangazwa mwaka 1989, wastani ulikuwa karibu dakika 21. Saa mbili zimewekwa kuwa kikomo kwa sababu zinapita kwa mbali usingizi wowote wa kawaida: kama alikuwa amelala ulipoanza, atakuwa ameamka kabla hujamaliza. Mama wetu, ambaye siku zote angefika kumi ndani ya nusu saa, inapofika saa 4 na dakika 10 amehesabu sita.

Kuna jambo jingine analohisi ambalo ni lazima litajwe, ingawa ni zito. Akigeuka kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine, anasikia kitu kikimfuata na kuangukia chini. Hiyo ni miondoko ya mama inayompeleka mtoto, haitoki kwa mtoto. Wanawake waliopoteza watoto tumboni wamesimulia hisia hiyo, na baadhi yao waliihesabu kuwa ni kucheza. Ndiyo maana kuhesabu kunafanywa mwili umetulia.

Anakwenda hospitali usiku uleule. Nesi wa mapokezi anamuuliza ana uchungu? Hana. Anatoka damu au maji? Hapana. Kwa bahati hasemi tu "najisikia vibaya", maneno ambayo yangemweka kwenye benchi hadi asubuhi. Anasema: "Mtoto wangu amepunguza kucheza tangu jana. Leo nimelala saa mbili nikihesabu, amecheza mara sita." Maneno hayo yana siku, yana muda, yana idadi, na nesi aliyeyasikia hawezi kuyaandika kwenye daftari kisha ampite.

Kazi ya kwanza ya mkunga ni kusikiliza moyo wa mtoto, kwa pembe ya Pinard au kwa kifaa cha Dopla. Wakati huohuo anashika mshipa wa mkono wa mama. Asipofanya hivyo anaweza kusikia damu ya mama ikipita katika mishipa mikubwa ya tumbo, hasa mama akiwa na hofu na moyo wake unakwenda 120, akadhani amempata mtoto. Kosa hilohilo hufanywa nyumbani na wale walionunua vifaa vidogo vya kusikiliza au wanaoweka simu tumboni. Na hata wakimpata mtoto kweli, moyo unaopiga ni habari ya dakika ile tu. Mtoto anayeishiwa hewa moyo wake hupiga mpaka karibu na mwisho. Kifaa cha nyumbani humrudisha kitandani mama aliyekuwa ameshavaa khanga za kutokea, na hilo ndilo ninalolichukia kwacho.

Kwa mama wetu moyo wa mtoto unapiga 138 kwa dakika, ndani ya kawaida ya 110 hadi 160. Mkunga mvivu angeishia hapo. Huyu anapima presha, iko sawa, kisha anachukua futi ya utepe: sentimita 33.

Kama makadirio ni sahihi, huyu ana wiki 37 na siku nne, na 33 ni kidogo. Lakini makadirio yanatokana na mchezo wa kwanza, na nimeshasema yanaweza kukosea kwa wiki mbili. Huenda mimba ni ya wiki 35 na nusu tu, na kimo kikawa si cha kutisha sana. Mkunga hataki kubishana na kalenda. Anafungua kadi na kuona 32 ya tarehe 24 Juni. Siku 31 zimepita na kimo kimeongezeka sentimita moja, badala ya karibu nne. Hata umri wa mimba ukosewe namna gani, siku kati ya vipimo viwili zinajulikana. Mtoto huyu ameacha kukua. Ndiyo faida ya kadi moja inayoandikwa vizuri na kubebwa kila safari, na ndiyo hasara ya mama anayebadilisha kliniki na kuanza karatasi mpya.

Daktari wa zamu anaitwa. Mashine inayochora mapigo ya moyo wa mtoto kwenye karatasi inafungwa kwa dakika 20, kisha kwa 20 nyingine. Moyo wa mtoto mwenye afya hauendi kwa mstari ulionyooka. Unayumbayumba juu na chini, na mtoto akisogea unapanda kwa mapigo 15 au zaidi kwa angalau sekunde 15. Mstari wa huyu umelala, hauna mpando hata mmoja. Ultrasaundi inaonyesha maji ya chupa machache. Kabla hakujapambazuka mama anafanyiwa upasuaji, na mtoto anazaliwa na kilo 2.1, amekonda, analia. Kondo ni dogo na lina mabaka magumu mahali ambapo damu iliacha kupita.

Vituo vingi vya afya katika nchi zetu havina mashine ile, wala ultrasaundi ya usiku. Pembe, futi na kadi vipo karibu kila mahali, na vitatu hivyo, pamoja na maneno ya mama, vinatosha kuandika rufaa. Kusubiri ili "tuone mpaka asubuhi" katika kituo kisichoweza kufanya upasuaji ni kuutumia muda ambao si wetu.

Baada ya mfano kama huo msomaji atauliza kwa nini basi wajawazito wote wasipewe daftari wahesabu kila siku. Jambo hilo lilijaribiwa, na matokeo yake yanahitaji kuelezwa kwa uaminifu. Mjini Cardiff katika miaka ya 1970 ulitengenezwa utaratibu wa kuhesabu hadi kumi kila siku kwa kujaza chati. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliohusisha wajawazito wapatao 68,000, nusu wakihesabu kila siku na nusu wakipata huduma ya kawaida. Vifo vya watoto tumboni havikupungua kwa waliohesabu.

Wengi husoma hapo wakafunga kitabu. Ukiendelea unaona kilichotokea: watoto wengi waliokufa walikuwa wameshakufa kabla mama zao hawajafika kuonwa na mhudumu. Chati ya Cardiff ilimpa mtoto saa 12 nzima za kutimiza kumi, muda ambao hata mtoto aliyedhoofu sana anaweza kuumaliza, na mama aliyejaza chati aliweza kungoja mpaka chati imwambie aende. Na wale wasiopewa chati hawakuwa wamezibwa hisia. Nao waliona mchezo umepungua wakaenda kwa miguu yao. Kilichojaribiwa, kwa maoni yangu, kilikuwa karatasi.

Utafiti mkubwa zaidi ulifanyika Uingereza na Ayalandi katika hospitali 33, ukatangazwa mwaka 2018 ukiwa na mimba zaidi ya 409,000. Huu haukulazimisha kuhesabu. Ulifundisha akina mama kutambua mabadiliko na kuzipa hospitali utaratibu mmoja wa kuwapokea. Vifo vilikuwa 4.40 kwa kila mimba 1,000 kabla, na 4.06 baada, tofauti ambayo kitakwimu ingeweza kuwa bahati tu. Wakati huohuo upasuaji na uchungu wa kuanzishwa viliongezeka. Hiyo ni gharama, na katika hospitali yenye chumba kimoja cha upasuaji ni gharama inayoonekana kwa macho. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016, halikupendekeza kuhesabu kila siku nje ya utafiti, lakini lilisisitiza wajawazito wafahamishwe umuhimu wa kuujua mchezo wa mtoto katika miezi mitatu ya mwisho na kutoa taarifa unapopungua.

Nakubaliana na msimamo huo. Hesabu ya kila siku humchosha mama, humtia hofu siku mtoto anapochelewa kwa dakika kumi, na mbaya zaidi humpa ruhusa ya kupuuza anachokihisi ikiwa kumi imetimia. Mtoto aliyekuwa akimaliza kumi kwa dakika 20 na sasa anachukua saa moja na dakika 50 amefaulu mtihani wa kumi, na bado amebadilika vibaya. Kinachotakiwa kuanzia wiki ya 28 ni mama kujua saa za mtoto wake na nguvu zake, na kuiweka hesabu ya saa mbili kuwa chombo cha siku ya shaka. Ikiwa mtoto amenyamaza kabisa, hata saa mbili hizo hazina kazi: aondoke mara moja.

Upo pia mpaka wa kile ambacho kucheza kunaweza kutuambia. Kondo likibanduka ghafla, au kamba ya kitovu ikibanwa, hakuna kipindi cha kupungua polepole; hesabu haizuii hilo, na mama aliyempoteza mtoto kwa njia hiyo hakukosa umakini. Na kwa upande wa pili, wengi wa wanaokuja mara moja wakisema mtoto amepunguza hupimwa, wakakutwa salama, wakajifungua bila tatizo. Hawakupoteza muda wa mtu.

Anayenitia wasiwasi zaidi ni yule anayerudi. Mama alikuja Jumatatu, akasikilizwa moyo wa mtoto, akaambiwa yuko vizuri. Alhamisi anaona mchezo umepungua tena na anaona haya kurudi kwa nesi yuleyule. Safari ya pili ina uzito kuliko ya kwanza, kwa sababu mabadiliko yanayojirudia yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kondo lililochoka nyuma yake. Hapo pembe peke yake haitoshi. Apimwe kimo, kilinganishwe na cha nyuma, maji na ukuaji viangaliwe kwa ultrasaundi, na kama amefikisha wiki 37 daktari azungumze naye kuhusu kuzalishwa. Na akirudi Jumamosi akisema hayohayo, kadi yake ifunguliwe ukurasa uleule na vipimo vianze upya, kama vile hakuna aliyemwambia Jumatatu kwamba mtoto ni mzima.